Bomba la mvuke na joto la uso nisilolijua

Bomba lenyewe linapita kando ya njia ya wafanyakazi, kwenye kiwanda cha chai katika nyanda za juu za Kericho. Linatoka kwenye boila na kupeleka mvuke kwenye mashine za kukaushia majani. Mapema mwaka huo kijana mmoja wa zamu ya usiku aliteleza, akaliegemea kwa mkono na kuchubuka ngozi. Bomba lilikuwa wazi sehemu ile, kihami chake kilikuwa kimeng'oka zamani. Tukalivika sufi ya kioo upya, unene wa milimita 25, na juu yake bati jipya la alumini linalong'aa. Meneja akaniuliza swali fupi: sasa mtu akiligusa, ataungua?

Swali ni fupi, lakini jibu lake linaanzia mahali ambapo huna la kushika. Ili nijue joto la uso wa bati, lazima nijue joto linaondoka usoni kwa kasi gani. Ili nijue kasi hiyo, lazima nijue tabia za hewa inayolikumbatia bomba: mnato wake, upitishaji wake wa joto, wepesi wake wa kupanda ikipashwa. Na tabia hizo zinategemea joto la hewa iliyo karibu na uso, yaani zinategemea jibu lile lile ninalolitafuta. Nilipokuwa chuoni nilidhani mduara huu ni kasoro ya mitihani tu. Kazini niligundua kwamba karibu kila kazi ya joto inaanza hivi, na inafaa kujua ni sehemu gani ya mduara inayostahili wasiwasi wako.

Nianze na hewa yenyewe. Hewa iliyogusa bati ina joto la bati. Ukisogea sentimita moja au mbili kutoka hapo, hewa ina joto la chumba. Katikati ni utando mwembamba ambamo joto linashuka kutoka la juu hadi la chini, na ndani ya utando huo hewa nyepesi inapanda ikizunguka mgongo wa bomba. Haya ndiyo mashuleni tunayaita myuko. Tabia za hewa zinabadilika hatua kwa hatua ndani ya utando, lakini fomula inataka namba moja tu ya mnato na namba moja ya upitishaji. Kwa hiyo tunachagua joto moja la kuuwakilisha utando wote, nalo ni wastani wa pande mbili: joto la uso jumlisha joto la hewa ya mbali, gawanya kwa mbili. Hilo ndilo joto la utando. Kwenye jedwali la hewa unasoma tabia zote kwenye mstari huo mmoja.

Wastani huu ni makubaliano. Waliotunga fomula walikusanya vipimo vya maabara, wakasoma tabia kwenye joto la utando, kisha wakalinganisha. Ndiyo maana ukichukua fomula yao lazima usome tabia pale walipozisomea wao. Nyingine, hasa za vimiminika vinavyopita ndani ya mabomba, zinataka tabia zisomwe kwenye joto la wastani la kimiminika chenyewe, halafu zinaongeza uwiano wa mnato wa kati na mnato wa ukutani. Kabla ya kufungua jedwali, angalia masharti yaliyoandikwa chini ya fomula. Mistari ile midogo ndiyo inayokuambia uchukue joto lipi.

Sasa namba zetu. Bomba lina kipenyo cha nje cha milimita 60. Likishavikwa sufi linakuwa milimita 110. Geji ya boila inasoma bari 6. Kericho iko juu kiasi cha mita 2,000, na mgandamizo wa hewa huko ni takriban bari 0.8, kwa hiyo mgandamizo halisi wa mvuke ni bari 6.8 na joto lake ni kama nyuzi 164. Chuma ni chembamba na mvuke unapogeuka maji ndani hutoa joto kwa urahisi mno, hivyo nachukua ukuta wa bomba kuwa nyuzi 164 hizo hizo. Hewa ya njiani ni nyuzi 25. Kati ya 164 na 25 ziko nyuzi 139, na kazi yote ni kujua nyuzi ngapi zinashukia ndani ya sufi na ngapi zinabaki kwa hewa.

Upande wa sufi ni rahisi. Upitishaji wake niliuchukua 0.045, na ukinzani wa mita moja ya bomba ukatoka 2.144, yaani kila wati moja inayopita kwenye mita moja inagharimu nyuzi 2.144. Hata hapa kuna mtego mdogo wa aina ile ile. Kwenye mfuko wa sufi huandikwa namba kama 0.035, lakini hiyo ni ya sufi iliyo kwenye joto la chumba. Sufi yetu upande mmoja ina nyuzi 164 na upande wa pili ina joto la uso nisilolijua. Wastani wake ni zaidi ya nyuzi 100, na sufi ya kioo inapitisha joto zaidi kadiri inavyopata moto. Ningeichukua ile ya mfuko ningepunguza upotevu wa joto karibu kwa moja ya tano, na hakuna kurudia hesabu kwa upande wa hewa kungenionyesha kosa hilo.

Upande wa hewa ndio wenye mduara. Nilitumia fomula ya Churchill na Chu ya mwaka 1975 kwa silinda iliyolala. Hatua zake ni tatu. Unatafuta namba ya Rayleigh, inayopima nguvu ya hewa kupanda dhidi ya mnato unaoizuia. Kutoka hiyo unapata namba ya Nusselt. Kutoka Nusselt unapata h, yaani wati ngapi zinaondoka kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti. Kisha unaongeza mnururisho, kwa sababu bati pia linatoa joto kwa mionzi. Alumini mpya inayong'aa inatoa kidogo sana, kama 0.1 ya kile ambacho uso mweusi kamili ungetoa.

Kisio la kwanza nilichukua kwa uvivu: katikati ya 164 na 25, nikaviringisha kuwa nyuzi 95. Joto la utando likawa 60. Nikasoma jedwali, nikapata h ya myuko 5.3, na mnururisho ukaongeza 0.85. Ukinzani wa upande wa hewa ukatoka 0.471. Jumla na sufi ni 2.615, hivyo joto linalopita ni wati 53 kwa mita, na joto la uso ni 25 jumlisha 53 mara 0.471. Jibu: nyuzi 50. Nilikisia 95 na hesabu ikasema 50.

Hapo ndipo watu wengi hushtuka wakadhani wamekosea. Hakuna kosa. Chukua 50 kama kisio jipya. Joto la utando sasa ni 37.5, tofauti ya joto ni 25 badala ya 70, hewa inapanda kwa uvivu zaidi na h ya myuko inashuka hadi 4.05. Jibu jipya: nyuzi 56. Ukianza na 56 unapata 54.6. Ukianza na 54.6 unapata 54.9. Uso uko kwenye nyuzi 55.

Tazama jinsi majibu yanavyotembea: 95, 50, 56, 54.6, 54.9. Yanaruka upande huu na upande ule wa jibu, na kila mruko ni mdogo kuliko uliotangulia, kama moja ya tano yake. Kuruka huku kuna sababu. Ukikisia uso wenye joto kupita kiasi, unaipa hewa nguvu ya kupanda kupita kiasi, hewa inaondoa joto kwa bidii kuliko kweli, na uso unatoka baridi kuliko kweli. Mzunguko unaofuata unageuza mambo. Kuruka kunafifia haraka kwa sababu mbili. Ya kwanza, h ya myuko inabadilika taratibu: ukizidisha tofauti ya joto mara mbili, h inaongezeka kama moja ya tano tu. Ya pili, kwenye bomba hili sufi inabeba sehemu kubwa ya ukinzani, hivyo makosa ya upande wa hewa hayawezi kuitikisa sana jumla.

Kwa anayependa kuiona ikijiendesha, hii hapa. Mistari ya `nu` na `k` ni jedwali la hewa nililolinyoosha kuwa mstari karibu na nyuzi 40:

```python
Ts = 95.0
for n in range(6):
    Tf = (Ts + 25) / 2
    nu = (1.702e-5 + 9.7e-8*(Tf - 40)) / 0.785
    k  = 0.02662 + 7.3e-5*(Tf - 40)
    Ra = 9.8/(Tf + 273)*(Ts - 25)*0.11**3*0.725/nu**2
    h  = (0.60 + 0.322*Ra**(1/6))**2 * k/0.11
    hr = 0.1*5.67e-8*((Ts+273)**2 + 298**2)*(Ts + 273 + 298)
    R  = 1/((h + hr)*0.346)
    Ts = 25 + 139*R/(2.144 + R)
    print(n + 1, round(Ts, 1))
```

Badilisha `Ts` ya mwanzo uwe na 40, 95 au 150, utafika mahali pamoja. Hata ukianza na 25 kamili, ambapo hewa haina sababu ya kupanda, hesabu inaruka hadi karibu 117 kisha inarudi. Ila usianze chini ya 25, kwa sababu namba ya Rayleigh inakuwa hasi na fomula haijui la kufanya nayo.

Niliandika jibu, nikachukua kipimajoto cha bastola, kile cha mionzi, nikaenda bombani kwa furaha. Kikasoma nyuzi 29.

Nilisimama pale nikiwa na karatasi inayosema 55 na kifaa kinachosema 29. Mzee wetu wa boila, aliyeishi na mabomba yale kabla sijamaliza shule ya msingi, alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa.

"Shikamoo mzee," nikamwambia. "Nadhani hesabu yangu imenidanganya. Bomba ni baridi."

"Marahaba, kijana. Nani amesema ni baridi?"

"Kipimo hiki."

Akaweka vidole vyake juu ya bati, akahesabu kimoyomoyo, akavitoa. "Mimi nasema lina moto. Si wa kuunguza, lakini hukai nalo. Weka mkono wako."

Nikauweka. Mzee alisema kweli. Lakini nilikuwa bado naamini kifaa kuliko mkono, na badala ya kukihoji nikarudi mezani kuihoji hesabu. Nikaanza na kile nilichokuwa nakitilia shaka siku zote: joto la utando. Labda nimelichagua vibaya. Nikasoma tabia zote za hewa kwenye nyuzi 25, joto la chumba, badala ya 40. h ya myuko ikapanda kutoka 4.25 hadi 4.35. Joto la uso likashuka chini ya nusu nyuzi. Nikaenda upande wa pili, nikasoma tabia kwenye nyuzi 60 huku tofauti ya joto nikiiacha ile ile 30. h ikawa 4.15.

Nilikaa nikitazama namba hizo tatu kwa muda mrefu. Nilikuwa nimeliyumbisha joto la utando kwa nyuzi 35, na h haikuyumba zaidi ya asilimia 5. Sababu yake iko wazi ukiitafuta. Hewa ikipata moto mnato wake uliogawanywa kwa densiti unaongezeka na wepesi wake wa kutanuka unapungua, vyote vikiishusha Rayleigh. Wakati huo huo upitishaji wake wa joto unaongezeka. Moja inavuta chini, nyingine inavuta juu, na karibu zinafutana. Kile kilichokuwa kinayarusha majibu yangu kutoka 95 hadi 50 hadi 56 kilikuwa karibu chote ni tofauti ya joto kati ya uso na hewa, ile iliyoko ndani ya Rayleigh. Jedwali lilichangia kidogo sana. Kwa hewa ya kawaida, basi, mtu anayehangaika kama joto la utando ni 38 au 41 anahangaikia kitu kisicho na uzito.

Kwa mafuta ingekuwa habari nyingine kabisa. Mnato wa mafuta ya injini kwenye nyuzi 20 ni kama 0.84, na kwenye nyuzi 60 ni kama 0.074, umepungua zaidi ya mara kumi na moja. Ukikisia uso vibaya kwenye tangi la mafuta, jedwali lenyewe linakuangusha, na kila mzunguko unakulazimu kusoma upya kwa makini. Maji yako katikati, na yana mtego wao: ile namba ya kutanuka ambayo kwa hewa ni 1 gawanya kwa joto la utando katika kelvini, kwa maji lazima isomwe kwenye jedwali. Kwenye nyuzi 60 jedwali la maji linasema 0.00052, ilhali kanuni ya hewa ingekupa 0.0030, karibu mara sita. Na hata kwa hewa, nimeona mwenzangu akigawanya 1 kwa nyuzi 40 za selsiasi badala ya kelvini 313. Rayleigh yake ilikuwa kubwa mara nane, na kwa kuwa mzunguko wake ulitulia vizuri, hakushuku kitu. Hesabu kutulia maana yake ni kwamba imekubaliana na yenyewe tu.

Kuna tabia moja ya hewa ambayo haikunisamehe, nayo haihusiani na joto. Majedwali karibu yote ya hewa yameandikwa kwa mgandamizo wa usawa wa bahari. Fundi wa Mombasa au Tanga anaweza kuyasoma jinsi yalivyo. Kericho hewa ni nyembamba: densiti yake ni kama 0.785 ya ile ya pwani kwa joto hilo hilo. Mnato wenyewe na upitishaji havibadiliki, lakini mnato uliogawanywa kwa densiti, ambao ndio fomula inautaka, unakuwa mkubwa, na unaingia kwenye Rayleigh ukiwa wa mraba. Ndiyo maana kwenye mistari ile ya juu nimegawanya `nu` kwa 0.785. Nilijaribu kuiondoa nione. h ya myuko ikaruka hadi 4.88, zaidi kwa asilimia 15, na uso ukaonekana wa baridi kwa nyuzi mbili na ushee. Mwinuko wa mahali ulikuwa na uzito mara tatu ya kosa kubwa nililoweza kulifanya kwenye joto la utando. Tangu siku hiyo, kabla sijakisia joto lolote, naandika juu ya karatasi niko mita ngapi juu ya bahari.

Lakini hata hiyo haikueleza nyuzi 29. Hakuna tabia ya hewa ambayo ingelishusha bati hadi hapo. Kwa h ya nguvu kiasi gani uso ungekuwa 29? Ukinzani wa hewa ungepaswa kuwa 0.064, na h iwe karibu 45. Hiyo ni dhoruba ya upepo, na pale njiani hata utando wa buibui ulikuwa umetulia. Hapo ndipo nilipokubali kwamba mkono wa mzee ulikuwa sahihi na kifaa ndicho chenye tatizo.

Kipimajoto cha mionzi hakipimi joto. Kinapima mionzi inayokuja kutoka usoni, kisha kinadhani uso huo unatoa karibu yote ambayo uso mweusi ungetoa. Bati langu linatoa 0.1. Sehemu tisa zilizobaki zilikuwa mionzi ya kuta na dari za nyuzi 25, iliyoakisiwa na alumini kama kwenye kioo. Kifaa kiliona chumba zaidi kuliko bomba, na ukichanganya sehemu moja ya 55 na sehemu tisa za 25 unapata 28, karibu kabisa na ile 29. Nikabandika kipande cha utepe mweusi wa umeme juu ya bati, nikasubiri dakika chache upate joto la bati, nikapima juu ya utepe. Nyuzi 53. Mzee alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Sasa mmepatana," akasema.

Tofauti ya nyuzi mbili kati ya 53 na 55 sikuifukuza. Fomula za myuko zenyewe zina mtawanyiko wa asilimia kadhaa, sufi haikai na unene sawa pande zote, na mtu akipita anasukuma hewa. Upepo wa mita 1 tu kwa sekunde ungeifanya h ya myuko iwe karibu mara mbili. Kuendelea kurudia hesabu hadi desimali ya tatu ni kupoteza karatasi; mimi huacha jibu likishatulia ndani ya nyuzi moja.

Namba ile ile 0.1 iliyokidanganya kifaa ilinirudisha kwenye swali la meneja. Kiwango kinachotumika sana viwandani kwa uso wa chuma unaoweza kuguswa kwa bahati mbaya ni nyuzi 60. Kwenye njia tulikuwa na 55, tumepona kwa nyuzi tano. Lakini bomba hilo hilo linaendelea hadi chumba cha boila, ambako hewa inafika nyuzi 35. Niliiendesha hesabu upya kwa hewa hiyo, nikapata uso wa nyuzi 63. Hapo hatukuwa salama, na sufi zaidi haikuwepo stoo.

Nikajaribu kubadilisha namba moja tu: uwezo wa uso kutoa mionzi, kutoka 0.1 hadi 0.9, kama vile bati limepakwa rangi ya kawaida ya mafuta. Kwa hewa ya nyuzi 25 mnururisho peke yake ukapanda hadi karibu 5.9, zaidi ya myuko wenyewe, na uso ukatulia kwenye nyuzi 42. Bomba lile lile, sufi ile ile, uso umeshuka nyuzi 13. Kwenye chumba cha boila, nyuzi 50. Gharama yake ni kwamba joto linalopotea linapanda kutoka wati 51 hadi 57 kwa mita, kwa sababu tumeifungulia njia. Bati linalong'aa linatunza joto kidogo zaidi, na ndilo linalochoma mkono. Rangi yenyewe si lazima iwe nyeusi. Nyeupe ya mafuta nayo inatoa karibu 0.9 kwenye mionzi ya joto la aina hii. Ile rangi ya fedha ambayo mafundi wengi huipenda kwa mabomba ndiyo ya kuepuka hapa, kwa sababu ina unga wa alumini ndani yake.

Kazi hiyo ilinifundisha pia kukisia vizuri zaidi. Nyuzi 95 lilikuwa kisio la mtu asiye na uzoefu, lililoupuuza ukinzani mkubwa wa sufi. Sasa sikisii joto la uso. Nakisia h ya jumla, kwa sababu ndani ya chumba chenye hewa tulivu, na nyuso za joto kama hili, haiendi mbali: bati linalong'aa ni kama 5, lililopakwa rangi ni kama 10. Ukiweka 5 kwenye bomba letu unapata uso wa 54.5 kwa mstari mmoja wa hesabu. Ukiweka 10 unapata 41.5. Kisio la namna hiyo linakaa mlangoni pa jibu, na mzunguko mmoja wa kuhakikisha unatosha.

Njia hii ina mpaka wake. Fikiria waya wa jiko la umeme unaowaka mwekundu, ambao unajua wati zake tu na hauna sufi ya kuutuliza. Huko mnururisho ndio bwana, na h yake inapanda kwa kasi kubwa kadiri uso unavyopata moto. Ukirudia hesabu kama nilivyofanya hapa, miruko inakua badala ya kufifia. Ukiona majibu yanaachana hivyo, usichukue jibu jipya lote. Chukua wastani wa kisio la zamani na jibu jipya, na mruko utatulizwa. Ikiwa bado ni mkaidi, chukua robo tu ya hatua.

Tulipaka rangi nyeupe kuanzia mlango wa boila hadi mwisho wa njia, siku ya matengenezo mvuke ukiwa umefungwa. Rangi ilipokauka na boila ikawashwa, nilisubiri saa mbili bomba litulie, nikapima bila utepe, kwa kuwa sasa uso wenyewe ulikuwa unasema kweli kwa kifaa. Njiani nyuzi 43, chumba cha boila nyuzi 50. Mzee akaja, akaweka mkono wake wote juu ya bati, akauacha hapo huku akiniuliza habari za nyumbani.